Apime Lita Moja na Robo

Mwalimu Silvano aliwadharau watu wengi, lakini dharau iliyo nzito kuliko zote aliwawekea watu wa semina. Kwa maoni yake, mtu akishindwa kufundisha darasani hupewa kalamu ya rangi na bango kitita, kisha hutumwa kuwafundisha wanaofundisha.

Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara iendayo Mofu, na alifundisha Hisabati darasa la nne. Mtu wa Mahenge, umri umeshavuka hamsini, shati lake limepigwa pasi hata siku ambazo matope ya mbuga yalimpanda mpaka magotini. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa kama wa kitabu. Akiuliza swali, darasa zima lilijibu kwa sauti moja, na wapita njia waliokuwa wakitoka mashambani walisimama kusikiliza. Silvano aliipenda sauti ile. Aliiona kuwa ushahidi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa bado haijaamua kuondoka, walimu walikaa ofisini baada ya vipindi kwa ajili ya mafunzo ya walimu kazini. Afisa Elimu Kata alifika kwa pikipiki, suruali imeloa. Jina lake Ndaki, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe alipokuwa bado ananyonya. Kwa Silvano, hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza lilikuwa ujana.

"Shikamooni walimu," Ndaki alisema.

"Marahaba," Silvano aliitikia peke yake, kana kwamba salamu ile ilikuwa ya kwake tu.

Ndaki alikusanya maandalio ya masomo yaliyokuwa mezani, akaanza kusoma malengo kwa sauti. Alianza na la Mwalimu Oliva, binti aliyeajiriwa mwaka uliopita, anayefundisha darasa la tatu.

"Wanafunzi wajue umuhimu wa kunawa mikono. Mwalimu, kujua kunaonekanaje?"

Oliva alifikiri. "Labda… niwaone wakinawa?"

"Basi andika hivyo. Kila mwanafunzi anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, apite na katikati ya vidole. Hapo ukisimama kwenye bomba utamwona aliyeweza na asiyeweza."

Oliva akaandika haraka haraka. Silvano alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi anayekula karatasi.

Kisha Ndaki akafungua andalio la Silvano. "Wanafunzi waelewe uhusiano kati ya lita na mililita. Na hapa kwenye tathmini umeandika, somo limeeleweka vizuri. Mwalimu, ulijuaje kwamba limeeleweka?"

"Niliwatazama."

"Ukaona nini?"

"Nyuso."

Walimu wawili walicheka. Ndaki naye alitabasamu. "Uso wa mtoto aliyeelewa na uso wa mtoto aliyeshiba, mimi huwa siwezi kuzitofautisha."

"Ndiyo sababu wewe ni afisa," Silvano alisema. "Mwanangu, mimi nilianza kushika chaki wewe ukiwa machungani."

Mwalimu Mkuu, Balbina, alikohoa. Alikuwa mama mnene mwenye subira, aliyezoea kukohoa pale ambapo wengine wangegombana.

Ndaki hakupandisha sauti. "Kuelewa kuko kichwani, mwalimu. Kwa macho hakuonekani. Nakuomba uandike kitu ambacho mtoto atakifanya ukimwangalia. Utaje anapewa nini, anafanya nini, na kiasi gani kitatosha tuseme ameweza. Wote mniletee malengo mapya Jumatatu."

Alipoondoka, Silvano alisimama dirishani akitazama pikipiki ikiteleza kwenye tope.

"Mtoto atakifanya ukimwangalia," alisema. "Sasa tumekuwa wachunga mbuzi. Kuelewa hakufai tena. Tangu dunia iumbwe watu wameelewa, leo amekuja Ndaki kutuambia hawakuelewa, walikuwa wameshiba."

"Lakini kuna kitu ndani yake," Oliva alisema taratibu.

"Kipo. Posho."

Jioni ile Silvano alibaki ofisini, akachukua karatasi na kuandika kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika kwa hasira, na kadiri alivyoandika alizidi kufurahi. Alitaka kijana aone namna wazo lake lilivyo la kipuuzi likifikishwa mwisho. Aliandika hivi: *Kila mwanafunzi, akiwa peke yake, akipewa ndoo ya maji, chupa ya mililita 500, kikopo cha mililita 250 na ndoo nyingine tupu, apime lita moja na robo bila kusaidiwa, bila kuonyeshwa na mwenzake, na aseme amepata mililita ngapi, mwalimu akimwangalia kwa macho yake yote mawili, bila mtoto kulia wala kumwita mama yake.*

Akaisoma mara mbili. Akaicheka. Akaitia kwenye faili la Jumatatu.

Jumatatu Ndaki aliisoma akiwa amesimama. Balbina, aliyekwisha kuiona, alikuwa ameinamisha kichwa akijifanya anatafuta muhuri kwenye droo. Silvano alikunja mikono, akisubiri.

Ndaki alichukua kalamu, akakata maneno ya macho mawili na ya kumwita mama. Kisha akainua uso.

"Mwalimu Silvano," alisema, "hili ndilo lengo zuri kuliko yote niliyosoma kwenye kata hii. Anapewa nini, umetaja. Anafanya nini, umetaja. Kiasi cha kutosha, umetaja. Na umesema kila mwanafunzi, peke yake. Hakuna mwingine aliyekumbuka hilo."

Silvano alikunjua mikono. Angesema kwamba ilikuwa dhihaka, angekuwa amemdhihaki afisa mbele ya Mwalimu Mkuu kwa maandishi. Asingesema, sifa ingekuwa yake. Hakuwa amewahi kupewa sifa iliyomkera namna ile.

"Naomba ulifundishe Alhamisi," Ndaki aliendelea, "sisi wote tukiwa tunaangalia."

"Hilo somo nimeshalifundisha. Wamelielewa."

"Basi ni rahisi zaidi. Wataonyesha tu."

"Wataonyesha," Silvano alisema, na safari hii alisema kwa moyo wake wote, maana aliona njia ya kushinda. Watoto wake wangepima, kila mmoja, na Ndaki angejionea kwamba mzee aliyeandika *waelewe* alikuwa hajakosea kitu, kwamba maneno ndiyo yaliyobadilika, watoto ni walewale.

Alhamisi hakukunyesha. Oliva aliazima ndoo nyumba za jirani na kuokota chupa tupu za maji barabarani, akaziosha. Vikopo alivihakiki kimoja kimoja: kila kikopo alikimimina mara mbili kwenye chupa ya nusu lita, na kile ambacho maji yake hayakufika shingoni alikitupa pembeni. Silvano alimwona akichuchumaa pale kibarazani, sketi imelowa, akaona haya kwa niaba yake.

"Unahangaika bure, Mwalimu Oliva. Chupa ni chupa."

"Kikopo kikidanganya, mtoto atapima sawa na jibu litakuwa kosa, mwalimu."

Silvano alimpita. Aliingia darasani.

Alifundisha vizuri siku ile, hata waliomchukia walikiri. Alichora mtungi ubaoni, akaugawa, akauliza.

"Lita moja ni sawa na mililita ngapi?"

"Elfu mojaaa!"

"Nusu lita?"

"Mia tano!"

"Robo lita?"

"Mia mbili na hamsini!"

Akamwinua Omega, msichana mdogo mwenye sauti nyembamba, kipenzi chake, aliyekuwa akiongoza darasa tangu la kwanza. Omega alisimama, akasema yote bila kuvuta pumzi: lita na mililita ni vizio vya ujazo, kubadili lita kuwa mililita unazidisha kwa elfu moja, kubadili mililita kuwa lita unagawanya kwa elfu moja. Silvano alimgeukia Ndaki, aliyekaa dawati la nyuma magoti yakigusa kidevu. Uso wa Silvano ulitosha.

Kisha wakatoka nje. Darasa liligawanywa makundi manne, kila kundi na mtu mzima mmoja wa kuangalia, na ndoo zake. Oliva alipendekeza wanaosubiri wageuze migongo, wasije wakaigana. Silvano alisema ni sawa, wageuze hata miguu wakitaka. Yeye hakuwa na kundi. Alizunguka tu, mikono nyuma, kama mwenye shamba.

Wa kwanza katika kundi la Oliva alikuwa Omega.

Mtoto alitazama ndoo. Akatazama chupa. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Akaijaza mpaka shingoni, akaimimina kwenye ndoo tupu. Akachukua kikopo, akakijaza, akamimina. Akaweka kikopo chini, akasimama wima.

"Lita moja na robo," alisema. "Mililita elfu moja mia mbili na hamsini."

Silvano alisimama palepale. Mtoto alikuwa amemimina chupa moja na kikopo kimoja. Moja, na robo. Alikuwa amepima mililita mia saba na hamsini na kuziita elfu na ushee, kwa sauti safi, bila shaka yoyote.

"Omega," Silvano alisema. "Chupa hiyo ina kiasi gani?"

"Mililita mia tano, mwalimu."

"Na lita moja ni mililita ngapi?"

"Elfu moja."

"Sasa umepima ngapi?"

"Lita moja na robo, mwalimu."

Hakuwa anabisha. Alikuwa anajibu maswali matatu ambayo kwake hayakuwa na undugu wowote. Oliva alitazama chini. Akaweka alama ndogo ya kosa kwenye karatasi yake.

Silvano akaenda kundi la pili. Huko mvulana alijaza chupa na kuendelea kumimina tu, chupa baada ya chupa, mpaka Balbina akamzuia, na alipoulizwa amepata ngapi, alisema, "Nyingi." Kundi la tatu mtoto aliuliza robo ni ipi, kubwa au ndogo. Kundi la Ndaki alikuwepo Seni, mtoto wa wafugaji, ambaye Silvano alikuwa amemkalisha nyuma tangu mwezi wa kwanza kwa kumwona mzito. Seni hakuigusa chupa kabisa. Alichukua kikopo, akakijaza na kumimina, akakijaza na kumimina, midomo ikihesabu bila sauti, mpaka mara ya tano.

"Elfu moja mia mbili hamsini," alisema.

"Chupa hujaitumia," Silvano alisema kwa ukali. "Umepewa chupa."

Ndaki alichungulia kwenye karatasi. "Lengo linasema apime. Halisemi kwa kipi. Maji yapo sawa, mwalimu."

Lilikuwa lengo la Silvano, kwa maneno ya Silvano. Akageuka akaondoka.

Mwisho wa kipindi, katika darasa zima lililoimba *elfu moja* kwa sauti moja, walioweza walikuwa wachache sana, chini ya robo ya darasa. Watoto walirudi ndani kimya, wakijua kwamba kuna kitu wamekiharibu ingawa hawakujua nini. Silvano aliwasimamia mlangoni.

"Vichwa maji," aliwaambia. "Wiki nzima nawasomesha, mnashindwa na chupa."

Omega alianza kulia. Alilia bila sauti, akiwa amekaa wima kama alivyofundishwa.

"Mwalimu Silvano," Oliva alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo lakini thabiti. "Walikuwa hawajawahi kuishika. Ulichowafundisha kusema, wamekisema chote."

Alimgeukia akitafuta la kumwumiza. Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na kwa kawaida yalikuja yenyewe. Safari hii hayakuja.

Ofisini Ndaki alifunga mlango. Alikuwa na wasiwasi, akizungushazungusha ufunguo wa pikipiki.

"Walimu, kazi imekuwa nzuri," alianza. "Tumejifunza. Sasa kwenye taarifa… mimi lazima nipeleke taarifa wilayani, na kule nilishasema kwamba kata yetu inafanya vizuri. Nafikiri lengo lilikuwa gumu kidogo. Tungeweza kulilegeza. Badala ya *apime*, tuandike *aweze kueleza uhusiano wa lita na mililita*. Kueleza nako ni kitendo, kinaonekana, kinasikika. Na kwa kweli walieleza wote. Hapo tathmini inakuwa nzuri, na hakuna uongo."

Mwalimu mmoja alitikisa kichwa kukubali. Balbina alikohoa.

Silvano alimtazama yule kijana. Siku zote hizi alimdharau kwa sababu zisizo kosa lake: umri wake, ng'ombe wa baba yake, pikipiki ya serikali. Sasa, kwa mara ya kwanza, Ndaki alimpa sababu ya haki, na Silvano akaipokea karibu kwa shukrani.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe na wewe hukuamini."

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Ulikuja hapa ukatuambia kuelewa hakuonekani. Ukaniuliza naona nini, nyuso? Watu wakanicheka. Nikaandika lile lengo kukukejeli, na nakwambia leo mbele ya Mkuu: nilikuwa nakukejeli. Nilitaka uone upuuzi wako. Nikatoka nje, nikauona wa kwangu. Omega, mtoto anayeweza kusimama mbele ya Askofu akasoma, amemimina chupa moja akaiita lita. Nimemfundisha mimi. Hilo limeniuma, lakini nimeliona. Wewe umeliona pamoja nami, na sasa unatafuta kitenzi cha kulifunika."

"Si kulifunika…"

"*Aeleze*. Wataeleza mpaka kiama. Kasuku anaeleza. *Waelewe* yangu ilikuwa blanketi la zamani, na wewe unataka kununua jipya. Afadhali mimi nilikuwa mjinga tu. Wewe unajua."

Ndaki alikuwa mwekundu kwa namna ambayo mtu mweusi huwa mwekundu, masikioni na shingoni. "Mwalimu, wilayani watauliza kwa nini kata yangu…"

"Waambie shule hii ina mwalimu aliyefundisha mdomo akasahau mkono. Taja na jina. Nimeandika *apime*. Hawakupima. Andika hawakupima."

Alichukua andalio lake, akakaa, na kwenye nafasi ya tathmini akaandika kwa mwandiko uleule mzuri kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kupima, kwamba waliichukulia chupa ya nusu lita kuwa lita moja, na kwamba somo litarudiwa kwa vitendo. Akasaini, akalisukumia upande wa Balbina. Mwalimu Mkuu alilisoma mpaka mwisho, akapiga muhuri, na hakukohoa.

Ndaki aliondoka bila kuaga vizuri. Taarifa aliyoipeleka hakuna pale aliyeiona.

Juma lililofuata Silvano alirudia somo. Hakumwomba Oliva msamaha, kwa kuwa hilo halikuwa katika mambo aliyoyajua, lakini alimwomba ndoo, na alipokuwa akizipanga kibarazani alimwuliza, bila kumtazama, ni vikopo vipi vilivyokuwa vinadanganya. Oliva akamwonyesha. Waliviweka kando.

Hakuchora mtungi. Aliwapa watoto chupa na ndoo iliyotiwa alama ya lita moja, akawaambia waijaze mpaka kwenye alama, kisha akakaa kwenye kiti na kunyamaza. Kunyamaza kulimshinda mara mbili, akarudi tena kunyamaza. Watoto walimwaga maji, wakabishana, wakalowana. Waligundua wenyewe kwamba chupa moja haifiki, kisha kwamba mbili zinafika. Kelele zilikuwa za ovyo, hazikupatana hata kidogo, na mtu aliyepita barabarani na jembe begani alisimama, akatikisa kichwa kwa jinsi shule ilivyoharibika, akaendelea na safari.

Omega hakusogea. Alikaa mwisho wa foleni, na zamu yake ilipofika alishika chupa kwa mikono miwili. Silvano alihamisha kiti chake karibu. Hakutazama midomo ya mtoto wala uso wake. Alitazama mikono.

Chupa ya kwanza ikamiminwa. Omega akaangalia kikopo, mkono ukaenda kukichukua, ukasita hewani. Akaigeuza chupa, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni kana kwamba anaiona leo. Akairudisha kwenye ndoo, akaijaza tena, akamimina. Kisha kikopo. Akasimama, lakini safari hii hakusema kitu. Alikuwa bado anahesabu.

"Ngapi?" Silvano aliuliza.

"Subiri kidogo, mwalimu," Omega alisema.

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Mwalimu Silvano asubiri. Watoto waliokuwa karibu walitazama fimbo yake iliyoegemea ukuta. Silvano aliweka mikono magotini, akasubiri.

Siku ileile baada ya vipindi alipita kwenye meza za ofisini akikagua maandalio ya wiki iliyofuata. Alilipata la mwenzake wa Uraia na Maadili, aliyekuwa ameandika kwamba wanafunzi *wathamini usafi wa mazingira*. Akamwita mwenye andalio, akaligonga neno lile kwa kidole.

"Hili nini?"

"Kuthamini, mwalimu. Lipo hata kwenye kitabu."

"Nalijua. Nimeliandika kabla hujazaliwa." Aliisukuma karatasi irudi, kwa dharau ileile waliyoizoea wote. "Kaa chini. Niambie huyo mtoto anayethamini, Ijumaa saa nne asubuhi, mikono yake inafanya nini."